Nani Anasema: Mfanyakazi au Taasisi?

Jumamosi ya Machi 11, 2023, kipindi cha soka cha BBC kiitwacho Match of the Day kilirushwa kwa dakika 20 tu. Hakikuwa na mtangazaji wala wachambuzi, na hata sauti ya kutangaza mpira haikuwepo. Magoli yalionyeshwa, kelele za mashabiki zikasikika, kipindi kikaisha. Vipindi vingine viwili vya michezo vya siku hiyo, Football Focus na Final Score, havikuonekana kabisa.

Chanzo kilikuwa twiti. Siku nne kabla, waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza, Suella Braverman, alikuwa ametangaza muswada wa kuwazuia wahamiaji wanaovuka bahari kwa mashua ndogo, sehemu ya sera ileile iliyokusudia kuwapeleka baadhi yao Rwanda. Gary Lineker, mchezaji wa zamani wa timu ya taifa na mtangazaji wa Match of the Day tangu 1999, aliandika kwamba sera hiyo ni katili kupita kiasi na kwamba lugha inayotumika haitofautiani sana na ile ya Ujerumani ya miaka ya 1930. Machi 10 BBC ikasema atakaa pembeni mpaka waelewane juu ya matumizi yake ya mitandao ya kijamii. Wenzake Ian Wright na Alan Shearer wakasema kama yeye hayupo, nao hawapo. Watangazaji wa mechi wakafuata. Jumatatu ya tarehe 13 mkurugenzi mkuu, Tim Davie, aliomba radhi kwa usumbufu uliotokea, Lineker akarudishwa kazini, na ikatangazwa kwamba mwongozo wa mitandao utapitiwa upya.

Wengi waliijadili habari hii kama ugomvi wa kisiasa, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini kwa sisi tunaoandika kanuni za kazi, ilikuwa kwanza habari ya waraka mbovu. Mwongozo uliokuwepo ulitolewa mwaka 2020. Uliwabana vikali waandishi wa habari, na hilo linaeleweka, kwa sababu msikilizaji akijua mwandishi ni wa chama gani hatamwamini tena. Kwa waliobaki, mwongozo ulisema kwamba wenye majina makubwa wana wajibu wa ziada kwa shirika. Ziada kiasi gani? Kwa mambo gani? Lineker hakuwa mwandishi wa habari, alikuwa mtu wa mpira. Wala hakuwa mwajiriwa, alifanya kazi kwa mkataba wa kujitegemea. Hata hivyo alikuwa ndiye mtangazaji anayelipwa fedha nyingi kuliko wote, na watu wakiona sura yake wanaona BBC. Kila upande uliusoma waraka uleule ukapata jibu lake, na hakuna aliyelazimika kudanganya ili alipate.

BBC ilimpa kazi ya mapitio John Hardie, aliyewahi kuwa mtendaji mkuu wa ITN. Matokeo yalitolewa Septemba 28, 2023, na hapo ndipo penye funzo kwa yeyote anayeandika sera ya namna hii. Kwanza, waliotakiwa kujibana zaidi walitambulishwa kwa kazi yao, yaani watangazaji wa vipindi vikuu vilivyotajwa kwa majina, Match of the Day kikiwemo. Pili, makatazo yalitajwa kwa matendo. Mtangazaji wa kipindi kikuu haruhusiwi kukipigia debe wala kukishambulia chama cha siasa, na haruhusiwi kushambulia tabia binafsi ya mwanasiasa. Tatu, kuliwekwa muda: kanuni hizo zinambana wakati kipindi chake kiko hewani, na wiki mbili kabla na wiki mbili baada ya msimu. Halafu likaja lile ambalo sera nyingi hulisahau. Waraka ulisema wazi kinachoruhusiwa: mtangazaji huyo anaweza kutoa maoni yake juu ya masuala na sera, hata kama ni za serikali.

Ukiisoma twiti ya Machi 7 kwa kanuni hizo mpya, unaweza kubishana nayo kwa dakika tano ukafika mahali. Ilisema juu ya sera, jambo linaloruhusiwa. Ilisema juu ya lugha iliyotumika kuitetea, na hapo ndipo ubishi utakapokuwa. Haikumshambulia mtu kwa tabia yake wala haikutaja chama. Huo ndio ubora wa sera ya aina hii: ubishi unakuwa mdogo na watu wanabishana juu ya jambo lilelile.

Haikuleta amani ya kudumu. Desemba mwaka huohuo Lineker alirushiana maneno mtandaoni na wanasiasa wa chama tawala. Mei 2025 alisambaza kwenye Instagram bandiko juu ya Uzayuni lililokuwa na picha ya panya, mnyama ambaye propaganda ya Wanazi ilimtumia kuwadhalilisha Wayahudi. Alilifuta, akasema hakuiona picha hiyo, akaomba radhi, na Mei 19 ikatangazwa kwamba anaondoka BBC msimu utakapokwisha. Sera haiwezi kumpa mtu busara. Inachoweza ni kumwambia mapema mipaka iko wapi, na kumwambia bosi pia.

Kesi ya pili haikuvuma kama ya Lineker, lakini mimi naiona ya maana zaidi kwa ofisi za kawaida, kwa kuwa ofisi nyingi hazina Lineker. Mwaka 2011 meneja mmoja wa Trafford Housing Trust, taasisi ya nyumba za kupangisha karibu na Manchester, aliweka kwenye ukurasa wake wa Facebook kiungo cha habari kuhusu ndoa za watu wa jinsia moja kufungwa makanisani, akaandika maneno machache kuonyesha kwamba kwake hilo limezidi. Mfanyakazi mwenzake akamuuliza anamaanisha nini. Akajibu kwamba serikali ikitaka kufungisha ndoa hizo ni juu yake, lakini isiwalazimishe watu wa imani. Ilikuwa nje ya saa za kazi. Ukurasa wake ulitaja mahali anapofanya kazi na cheo chake, na kati ya marafiki zake mtandaoni 45 walikuwa wafanyakazi wenzake.

Mwajiri alimshusha cheo na mshahara wake ukapungua kwa takribani asilimia 40. Miongoni mwa hoja zake zilikuwa hizi: ameharibu jina la taasisi, na amekiuka kanuni inayokataza kueneza maoni ya dini na siasa. Novemba 2012 Mahakama Kuu ya Uingereza ilimpa ushindi. Jaji hakuingia kwenye suala la kama maoni yenyewe ni mema au mabaya. Aliuliza kama msomaji mwenye akili timamu, akiuona ukurasa ule, angedhani ni taasisi inayosema. Akajibu hapana. Jina la mwajiri lilitajwa kwa kifupi tu, na mengine yote yalionyesha mtu binafsi akiwa kwake. Kuhusu kanuni ya dini na siasa, alisema inahusu mambo ya kazini, na ukurasa binafsi haugeuki kuwa eneo la kazi kwa sababu tu una wenzako ndani yake.

Fidia ilikuwa chini ya pauni 100, kwa sababu ya jinsi sheria ya mikataba ya huko inavyohesabu hasara, na jaji mwenyewe alisema hilo halimpendezi. Kwa taasisi, hata hivyo, gharama haikuwa hizo pauni. Kabla ya adhabu, bandiko lile lilijulikana kwa marafiki wa mtu mmoja. Baada ya adhabu lilikuwa kwenye magazeti ya nchi nzima.

Hilo swali la jaji ndilo ninalolipendekeza liwe la kwanza katika sera yoyote: mtu wa kawaida akiliona bandiko hili, atadhani nani anasema? Taasisi nyingi za kwetu huanza na mada. Zinakataza siasa, dini, na zile zinazoitwa habari za kuichafua ofisi. Zikianza na mada zinamfunga mlinzi wa getini kwa kamba ileile inayomfunga msemaji, na zinajikuta zinamwandama mtu kwa kushangilia mgombea wake kwenye kikundi cha ndugu.

Nchini Tanzania kuna sababu nyingine ya kuandika kwa uangalifu. Kanuni za Utendaji Bora katika Ajira, Tangazo la Serikali Namba 42 la 2007, katika kanuni ya 12, zinaeleza mambo ya kupima pale mwajiri anapomwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu. Je, kanuni iliyovunjwa ni ya haki? Je, iko wazi, haina utata? Je, mfanyakazi aliijua, au alipaswa kuijua? Je, mwajiri ameitumia kwa wote bila kubagua? Na je, kuachishwa kazi ni adhabu inayolingana na kosa? Chukua kifungu hiki, ambacho kwa maneno haya au yanayofanana nayo kimejaa kwenye miongozo ya ofisi zetu: “Mfanyakazi hataweka mtandaoni jambo lolote linaloweza kuharibu taswira ya taasisi.” Kipitishe kwenye maswali hayo. Kitaanguka kwenye la pili, kwa kuwa hakuna anayejua jambo lolote ni lipi. Pengine kitaanguka tena kwenye la nne, kwa kuwa hutumika kwa karani aliyelalamika kuhusu mshahara na hakitumiki kwa mkurugenzi aliyejipiga picha kwenye mkutano wa chama akiwa na fulana yenye nembo ya ofisi.

Tukiandike upya kwa kutumia mfano. Tuseme kuna SACCOS ya mjini yenye wafanyakazi 30. Msemaji ni mmoja, vijana wawili wanaendesha kurasa za Instagram na Facebook, maofisa mikopo ni wanane, na waliobaki wako kwenye hesabu, usafi, ulinzi na udereva. Makundi haya hayana uzito sawa mbele ya umma, kwa hiyo sera nayo isiwape uzito sawa.

Wale vijana wawili, wanapoandika kwenye kurasa rasmi, si wao wanaosema. Kila neno ni la SACCOS. Hapo taasisi ina haki ya kuamua kila kitu: lugha, picha, nani anaidhinisha jibu la malalamiko, na nani anapigiwa simu saa nne usiku mteja akiandika kwamba fedha zake zimepotea. Sina huruma sana na uhuru wa maoni mahali hapa, kwa sababu haupo, na mtu anayeendesha ukurasa rasmi anapaswa kuambiwa hivyo siku ya kwanza.

Msemaji ni tofauti kidogo. Ana ukurasa wake binafsi, lakini watu wamemzoea kwenye redio na kwenye matangazo. Akiandika pale juu ya benki shindani, wateja watadhani SACCOS imesema. Kwake kifungu kinaweza kusomeka hivi: “Mtu anayeshika nafasi ya msemaji, kwa muda wote anaoishika, hatampigia debe mgombea au chama, wala kuishambulia taasisi nyingine ya fedha, kwenye akaunti yake yoyote iliyo wazi kwa umma. Anaruhusiwa kutoa maoni yake juu ya mambo mengine ya jamii.” Kifungu hicho kinataja nafasi, kitendo, mahali na ruhusa. Kuandika kwenye utambulisho kwamba maoni ni yangu binafsi hakumsaidii sana mtu wa nafasi hii. Msomaji haendi kusoma utambulisho, anaiona sura anayoijua.

Maofisa mikopo ndio wanaonipa shida zaidi, na karibu kila sera niliyoisoma inawaruka, kwa kuwa miongozo mingi imenakiliwa kutoka nchi ambako ofisa hupewa simu ya kazi. Huku ofisa anatumia laini yake. Mteja anaihifadhi namba, ofisa naye anaihifadhi ya mteja, na WhatsApp, isipobadilishwa mpangilio, inaonyesha stetasi kwa kila mtu aliyemo kwenye majina ikiwa pande zote mbili zimehifadhiana namba. Kwa hiyo ofisa akiweka wimbo wa kampeni, au kijembe kwa jirani, wakopaji 150 wanakiona mahali palepale alipoweka jana tangazo la marejesho. Ukurasa wa yule meneja wa Trafford ulikuwa wazi kuwa wake. Stetasi hii si ya mtu binafsi wala si ya ofisi, na mteja hana namna ya kuzitenganisha.

Dawa hapa si katazo. Ni laini. Ofisi impe ofisa laini ya kazi iliyosajiliwa kwa jina la taasisi, aiweke kwenye WhatsApp Business, ambayo inakaa kwenye simu moja na WhatsApp ya kawaida. Wateja wote wahamie huko. Baada ya hapo stetasi ya laini ya kazi inakuwa ya ofisi, na ya laini yake inakuwa yake. Taasisi isiyotaka kugharamia laini nane haina uso wa kuidai stetasi ya mtu.

Kwa maofisa hao liko katazo moja lisilo na msamaha: kumwanika mdaiwa. Picha yake, kitambulisho chake, kiasi anachodaiwa, au ujumbe kwa ndugu zake kwenye kikundi. Hilo haliingii kwenye mjadala wa uhuru wa maoni hata kidogo. Ni taarifa za mtu mwingine, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kama Kenya ilivyo na yake ya 2019. Liandikwe peke yake, kwa sentensi fupi, na adhabu yake itajwe.

Waliobaki, kuanzia wahasibu hadi walinzi, sera iwaambie mambo machache: wasiseme kwa niaba ya ofisi, wasitoe siri za wateja, wasimtukane wala kumtishia mwenzao. Kisha iwaache. Na kwa wote, msemaji akiwemo, iandikwe kwamba sera haimzuii mtu kuzungumzia mshahara na mazingira ya kazi, kujiunga na chama cha wafanyakazi, au kutoa taarifa za uovu kwa mamlaka husika. Haki hizo zina sheria zake, na mwajiri anayejaribu kuzifuta kwa waraka wa ofisi anajitafutia kesi.

Kuna jambo ambalo watu wa utumishi huliona la fundi wa kompyuta, nami naliona sehemu ya sera: funguo. Januari 31, 2013, kampuni ya kuuza muziki ya HMV huko Uingereza, ikiwa taabani kifedha, iliwaita wafanyakazi wengi kuwapunguza kazi. Miongoni mwao alikuwemo mtu mwenye nywila ya Twitter ya kampuni. Umma ukasimuliwa mkutano ule moja kwa moja kutoka kwenye akaunti rasmi, chini ya alama #hmvXFactorFiring, hadi kuelezwa kwamba mkurugenzi wa masoko amesikika akiuliza Twitter inafungwaje. Mtu anaweza kuwalaumu wafanyakazi wale. Mimi namlaumu zaidi aliyewaita kwenye mkutano huo bila kujua nani ana nywila.

Kwetu hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu ukurasa wa taasisi mara nyingi ulifunguliwa na kijana wa mafunzo kwa vitendo kwa namba yake na barua pepe yake. Akiondoka, anaondoka na akaunti, na hakuna karatasi inayosema ni ya nani. Sera iseme kwamba akaunti rasmi inafunguliwa kwa barua pepe na laini ya taasisi, inalindwa kwa uthibitishaji wa hatua mbili, inakuwa na wasimamizi wasiopungua wawili, na nywila inabadilishwa siku mtu anapohama idara, si wiki inayofuata. Na kama msemaji amejenga wafuasi kwenye akaunti yenye jina lake na la ofisi pamoja, waelewane tangu mwanzo itabaki kwa nani.

Halafu inafika siku bandiko limesambaa na simu ya mkurugenzi haipoi. Mtu wa kwanza kutafutwa si yule aliyeandika. Atafutwe wa kuhifadhi ushahidi: picha ya skrini inayoonyesha bandiko zima, jina la akaunti, tarehe na saa, pamoja na kiungo chake. Nimeona madai yakifa kwa sababu kilichohifadhiwa ni kipande kilichokatwa, na mwenye akaunti akasema si chake. Pili ni kuthibitisha kwamba akaunti ni yake kweli, kwani za kughushi ni nyingi. Tatu ni lile swali la jaji wa Trafford. Jibu likiwa ni mtu binafsi, taasisi iseme kwa sentensi moja kwamba hayo si maoni yake, inyamaze. Jibu likiwa ni taasisi, kosa lisahihishwe palepale lilipotokea, na hatua za nidhamu zifuate njia iliyowekwa.

Njia hiyo Tanzania inajulikana: tuhuma kwa maandishi, muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na haki ya kuja na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Kenya, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinadai mfanyakazi aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa na asikilizwe akiwa na mtu wake. BBC ilimtoa mtangazaji hewani ndani ya siku tatu, na siku tatu nyingine baadaye ikamrudisha kwa kuomba radhi. Mwajiri mdogo asiyeweza kulipia makosa ya namna hiyo ana sababu zaidi ya kwenda taratibu.

Kwa mfanyakazi, ombi langu ni moja. Ukipewa sera ya mitandao usaini, usisaini bila kujua uko kundi gani. Uliza kwa maandishi: mimi ni msemaji, ni mtu wa ukurasa rasmi, ni mtu anayekutana na wateja kwa laini yake, au ni mfanyakazi mwingine tu? Hifadhi jibu. Ikija siku ya shauri mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, karatasi hiyo itakuwa na uzito kuliko maelezo yote utakayotoa.